Jina Langu Lisiandikwe

Jumamosi, tarehe 1 Juni

Somo wangu,

Kila nikikupigia simu naambiwa haipatikani. Nakujua. Umeizima, umeitupa kwenye kopo la vifungo, na ukiulizwa utasema imeharibika. Haya, barua huwezi kuizima.

Mjukuu wangu ametimiza miezi miwili. Msichana, ana nywele za kutosha kusuka, na akilia utadhani kuna mtu kamdhulumu urithi. Wazazi wake wamekubali apewe jina letu, lile tulilobatiziwa mimi na wewe siku moja, likatufanya tuitane somo tangu hatujang'oka meno ya utoto.

Ubatizo ni Jumapili tarehe 7 Julai, misa ya pili. Tunakuomba uwe mama yake wa ubatizo. Fomu nimeiweka humu ndani. Juu wazazi wameshajaza. Chini ni pako: jina, parokia yako, kama umepata kipaimara, kisha nafasi ya paroko wako kutia sahihi na mhuri kwamba unasali na huna neno. Baba wa ubatizo tumempata, ni fundi bomba wa mtaa huu, mtu mpole, hana makuu. Umebaki wewe.

Usiniangushe. Mimi nilimsimamia Kitinda wako miaka ishirini na sita iliyopita. Nilimshika kichwa kwenye maji, akanikojolea gauni langu la pekee, na sikusema kitu. Sasa zamu yako.

Mkwe wangu Kidoti anakuamkia shikamoo. Amesema yeye ndiye atakayefurahi kuliko wote ukikubali.

Somo wako

&nbsp;

Jumatano, tarehe 5 Juni

Somo wangu mpenzi,

Marahaba kwa mkweo, na hongera kwako. Umekuwa bibi. Nywele hizo amezitoa kwako, kwa sababu mwanao alizaliwa na kichwa kama yai.

Ombi lako nimelipokea kwa mikono miwili, na kwa mikono miwili nalirudisha. Sitaweza. Nakuambia mapema, bado wiki nne, ili mumtafute mwingine bila kukimbizana. Fomu nimeirudisha safi, sijaigusa kwa kalamu, mtu mwingine aijaze bila kufutafuta.

Sababu zangu ni hizi. Goti langu la kulia halikubali safari ya basi ya saa sita mpaka huko mlikohamia. Pili, paroko wetu ni mgeni, hata jina langu hajui, mhuri wake ataupigaje? Tatu, mama wa ubatizo anatakiwa awepo mtoto akianza kuuliza maswali, awepo siku ya komunyo ya kwanza, awepo siku ya kipaimara. Mimi nahesabu miaka yangu kwa vidole sasa. Mtafutieni kijana mwenye miguu.

Usichukie. Nimekataa kazi, sijamkataa mtoto, wala sijaikataa nyumba yako. Nimemtumia vipande sita vya sabuni nyeupe, nimevichemsha mwenyewe, dawa kali ya kostiki nimeweka kidogo ili nguo zake zisimkwaruze. Ni vya nguo za mtoto tu. Mwambie mama yake asije akafulia mapazia.

Somo wako

&nbsp;

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Somo,

Sasa nisikilize vizuri, maana nimetembea mpaka ofisini kwa padri kwa ajili yako na viatu vimenichubua.

Goti: padri amesema kama mama wa ubatizo hawezi kufika, anaweza kuwakilishwa. Dada wa kwaya atasimama badala yako, atamshika mtoto, na kwenye daftari litaandikwa jina lako, na pembeni kwamba uliwakilishwa. Mama wa ubatizo ni wewe, si yeye. Paroko wako: nimempigia simu mwenyewe. Anakujua sana, amesema wewe ndiye mama wa sabuni anayesinzia wakati wa mahubiri na kuamka kwenye matangazo. Atapiga mhuri. Mafundisho ya wazazi na wasimamizi ni Jumamosi mbili, tarehe 22 na 29, na unaweza kuyapata hapo hapo kwenu. Umri: sheria inasema usipungue miaka kumi na sita. Ya juu haikutaja.

Unaona? Umebaki huna pa kushika.

Tena kuna jambo sikuliandika mara ya kwanza. Watu wa jumuiya wananiuliza. Wanajua Kitinda alikuwa aolewe na mwanangu seremala. Wanajua ndoa ilisimama tangazo la tatu halijasomwa. Wakisikia umekataa, watasema Somo na somo wake wameshakosana. Ukikubali, mambo yale yatakuwa yamezikwa, mbele ya padri, kwenye maji. Nililia pamoja nawe siku zile, hukumbuki? Niache nicheke pamoja nawe sasa.

Fomu nimeirudisha humu.

Somo wako

&nbsp;

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Kidoti,

Barua hii isome ukiwa umeketi, na mtoto mpe mtu mwingine amshike. Sitaki anywe maziwa ya hofu.

Nimemnyima mama mkwe wako neno la ndiyo, na nimemnyima sababu pia. Nimemdanganya habari za goti. Goti langu ni zima. Juzi nimebeba pipa la mafuta kutoka kwa muuzaji mpaka uani, peke yangu. Sababu ni wewe.

Miaka mitatu sasa. Ulikuwa mkononi mwangu, unakata sabuni kwa waya na kuzipanga kwenye rafu nikakulipa kila Jumamosi, ukala sahani moja na Kitinda. Tangazo la kwanza la ndoa likasomwa, seremala na Kitinda, kanisa likapiga makofi. Likasomwa la pili. Alhamisi iliyofuata, mtu akaenda kwa katekista akamwambia kuna kizuizi: kwamba mama wa seremala ndiye mama wa ubatizo wa Kitinda, kwa hiyo hao wawili ni ndugu kwa maji, na ndugu hawaoani. Katekista mzee, kichwa chake cha zamani, akasimamisha kila kitu. Paroko yuko matibabuni mbali, wa kumuuliza hakuna. Mwanangu akapita mtaani watu wakimnyooshea kidole eti alitaka kuolewa na kaka yake. Paroko akarudi baada ya miezi minne. Akacheka. Akasema hakuna sheria ya namna hiyo. Wakati huo Kitinda alishahama mji, na seremala alishakuoa wewe.

Nani alifaidika? Sihitaji shule kujibu hilo.

Sasa unataka nimsimamie mwanao, watu waone, waseme kumbe hakuna kitu, hata mama wa Kitinda amebariki. Unataka nikusugulie uchafu wako, na sabuni iwe yangu.

Nakupa mpaka Jumamosi ya tarehe 22, siku ya mafundisho. Mwambie mama mkwe wako kwa mdomo wako kwamba ni wewe uliyekwenda kwa katekista. Usipomwambia, nitajaza fomu. Nitapanda basi. Nitasimama mbele, mtoto mkononi, na padri akituuliza kama tuko tayari kuwasaidia wazazi hawa katika wajibu wao, nitamjibu. Nitamjibu kwa sauti, na kanisa zima litajua mzazi mwenyewe ni nani. Halafu nitamrudishia mtoto na kutoka kwa mlango wa pembeni.

Mimi nikisema nachemsha, nachemsha.

Bibi Sabuni

&nbsp;

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nimesoma nikiwa nimesimama, maana mtoto hana mtu mwingine wa kumshika, na maziwa yangu hayana hofu yoyote.

Njoo. Panda basi. Sema unachotaka kusema. Nilikuogopa nilipokuwa nakata sabuni zako, ukinipigia kelele mbele ya wateja kwamba kipande changu kimepinda kama mdomo wangu. Sikuogopi tena. Nimezaa.

Ila ukija useme lililo kweli, maana sikwenda kwa katekista mimi.

Siku za Alhamisi nilikuwa napiga deki ofisi ya parokia, unajua, wewe ndiye uliyenitafutia kibarua hicho. Alhamisi hiyo nilikuwa chini ya dirisha na ndoo. Aliyeingia kwa katekista alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Alisema, "Mimi nimemshika kwenye maji, Katekista, huyu ni mtoto wangu. Je, mwanangu anaweza kumuoa mtoto wangu?" Katekista akasema hapana.

Hilo gauni unalijua. Mlishonewa pamoja, kitambaa kimoja, wewe lako likakubana.

Mimi kosa langu ni moja na sitalipunguza. Nilijua, nikanyamaza. Kitinda alilia kwenye bega langu na mimi nikanyamaza, kwa sababu nilimtaka seremala tangu siku alipokuja kupima uani kwako atutengenezee vile viboksi vya kumwagia sabuni. Hayo nimeyaungama kwa padri. Kwako sitapiga magoti.

Na wazo la wewe kuwa mama wa ubatizo halikuwa langu. Nilimtaka dada yangu. Mama mkwe ndiye aliyeng'ang'ania. Alisema kama si wewe, hatakuwa na amani. Nikamuuliza amani ya nini. Akaniambia nikaoshe vyombo.

Kidoti

&nbsp;

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Somo,

Gauni la bluu lenye kola nyeupe, lile alilotushonea fundi wa karibu na posta. Ulilivaa kwenda wapi Alhamisi ile, baada ya tangazo la pili?

Nijibu hilo tu. Usiniandikie habari za mtoto.

Mimi

&nbsp;

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Somo wangu,

Nilikwenda kwa katekista.

Nimekaa siku mbili na karatasi hii. Nimeandika mistari mingi ya kujitetea na nimeichana yote, maana naona uso wako ukisoma, ule mdomo unavyouvuta upande.

Nilimwuliza swali. Ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mitatu: nimeuliza tu. Tangazo la pili liliposomwa nilimwona Kitinda na mwanangu wamekaa benchi moja, na nikamkumbuka kwenye maji, na padri yule wa zamani alivyotuambia kwamba tangu leo mtoto huyu ana mama wawili. Nikaogopa. Nakuapia, Somo, kwanza niliogopa dhambi.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni hii. Baada ya misa ile ulisimama uani kwako, wakwe na majirani wamejaa, ukasema, "Sasa seremala ni wangu. Atanijengea banda jipya la sabuni, na Somo atakuwa anakuja kumtazama mwanawe Jumapili kwa tiketi." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Mimi mjane, Somo, nina mtoto mmoja. Wewe una watano, na sauti, na biashara, na ua mpana. Nilirudi chumbani kwangu nikaona kitanda chake, nikaona kitakavyokuwa kitupu. Alhamisi nikavaa gauni.

Katekista aliposema hapana, moyo wangu ulitulia. Hilo ndilo linalonila. Ulitulia. Kisha nikaja kwako nikalia nawe, na machozi yalikuwa ya kweli, sijui yalitoka wapi.

Nilidhani ukimsimamia mjukuu wangu, tutakuwa tumelipana bila mtu kusema. Nilitaka jina lako na jina langu yaandikwe mahali ambapo hayafutiki.

Usimguse Kidoti, maana najua utakuwa umemshuku yeye. Hajui kupika, lakini hili si lake. Na usimnyime mtoto. Bado nakuomba.

Somo wako, kama bado unaniita hivyo

&nbsp;

Alhamisi, tarehe 27 Juni

Kwa Mama wa Seremala,

Nimekuita hivyo ili uone inavyouma.

Utani ule nilitania. Mdomo wangu ni mkubwa, kila mtu anajua, hata wewe ulinijua nao tangu utotoni. Ungeniambia siku ile ile: Somo, umenichoma. Ningekupigia magoti mbele ya wakwe hao hao. Hukuniambia. Ulichukua gauni tuliloshonewa pamoja ukaenda kumzika mwanangu, kisha ukaja kulala kitandani kwangu siku tatu unanishika mkono kama mfiwa. Nilikupikia uji. Nilikutafutia dawa ya kichwa. Mwizi wangu nilimpikia uji.

Kidoti nimemtishia kwa kosa lako. Hilo nalo liongeze kwenye mzigo. Nitamwandikia mwenyewe. Sitampenda, lakini nitamwandikia.

Sasa jibu la fomu, na safari hii sababu ni moja na ni ya kweli. Nilikwenda kwenye mafundisho Jumamosi, nikakaa nyuma. Katekista kijana alisoma masharti. Msimamizi awe mkatoliki, awe na kipaimara, awe anapokea komunyo, asiwe baba wala mama wa mtoto. Hayo ninayo yote. Kisha akasoma kwamba awe na nia ya kuifanya kazi hiyo. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza, na kama mtu hana nia? Akaniambia, "Basi Bibi, akatae kwa heshima, asiape uongo, na familia isimchukie." Nikamshukuru.

Sina nia. Sitasimama kando ya maji nikaulizwa namkataa shetani, na kazi zake zote, na fahari zake zote, nijibu namkataa, namkataa, namkataa, huku nakutazama wewe kwa pembe ya jicho na moyo unachemka. Padri ataniambia nimchore mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Kidole hiki, kikiwa na hasira hii, hakitamgusa mtoto mchanga. Hakuna ubaya niliomwekea. Ndiyo maana nakataa.

Msikwame. Msimamizi mmoja anatosha. Fundi bomba akiwa peke yake ubatizo ni halali na haupungui hata tone. Mkimtaka mama, kuna dada ya Kidoti, na hilo ndilo alilolitaka mwenye mtoto tangu mwanzo. Jina letu apewe, silizuii. Jina halijakosea kitu. Jina langu kwenye safu ya wasimamizi ndilo lisiandikwe, wala kwa mwakilishi, wala kwa huruma.

Na sasa yako.

Mimi nimekataa kusimama. Wewe ulishasimama, kwa Kitinda, na hiyo kazi haifutwi. Katekista amesema mama wa ubatizo hafukuzwi wala hajiuzulu, jina lake linakaa kwenye daftari hata akifa. Wewe bado ni mama yake. Basi kafanye kazi yako. Yuko mji wa mwisho wa reli, anafua mashuka ya hospitali, ukiuliza lango la nyuma watakuonyesha. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako uliyonieleza kwa kalamu, yote, na ile nusu ya pili.

Uende lini? Uwe umefika Jumapili tarehe 7 Julai, saa ya misa ya pili. Mjukuu wako akimiminiwa maji, wewe usiwepo. Mshumaa wake uwashwe, usiwepo. Avikwe nguo nyeupe, watu wapige vigelegele, waulize bibi yake yuko wapi, na pasiwe na wa kuwajibu. Mimi harusi ya mwanangu sikuiona kwa ajili yako. Ubatizo huu hutauona kwa ajili yangu.

Ukikataa, sitasema kwa mtu. Sitakwenda kanisani kukuaibisha. Nitakaa tu, na mimi na wewe hatutaonana tena hapa duniani, na wewe unajua mimi nikikaa nakaa.

Bibi Sabuni

&nbsp;

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Bibi,

Shikamoo. Barua yako ya kuniomba radhi nimeipata. Ilikuwa na mistari miwili na mmoja ulikuwa wa kuniambia nisipoteze sabuni. Nimeikubali.

Mtoto amebatizwa jana. Maji ya mara ya kwanza alinyamaza, ya pili akashangaa, ya tatu akampigia padri kelele mpaka watu wakacheka. Dada yangu alimshika, fundi bomba akawasha mshumaa kutoka mshumaa mkubwa wa Pasaka, akajimwagia nta kwenye kiatu. Majina yao yameandikwa.

Mama mkwe hakuwepo. Ijumaa alipiga pasi nguo ya ubatizo, nyeupe, akaitundika mlangoni. Akambeba mtoto akazunguka naye chumba chote. Jumamosi alfajiri tumeamka hayupo, na mfuko wake mdogo haupo. Mume wangu alitaka kuahirisha. Nikamwambia mama yake ana safari ya lazima, aulize akirudi. Amekasirika. Kanisani alikuwa anageuka mlangoni kila mara.

Nilidhani nitafurahi, maana kuosha vyombo nimechoka. Sikufurahi. Kiti chake kilikuwa mbele kabisa, kimewekewa leso, na kila mtu aliyepita alikiruka.

Kidoti

&nbsp;

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Mama,

Amekuja mama yangu wa ubatizo.

Jumapili nilikuwa zamu. Mlinzi akaniita akasema kuna mama mzee lango la nyuma, amekataa kukaa kwenye benchi. Nikamkuta katikati ya mashuka yaliyoanikwa, mfuko mkononi, miguu imevimba kwa safari. Nikamwambia Mama, karibu, kaa. Akasema hakai mpaka amalize. Akaniambia yote palepale, yamenyooka, kama anayesoma kwenye ubao. Wenzangu waliacha kukamua.

Nilimuuliza tu, "Kwa nini hukuniuliza mimi? Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa." Ni kweli, Mama. Nilimpenda seremala, lakini ndoa ile uliitaka kuliko mimi, na sikujua nikuambie vipi. Lakini waliyoyasema watu mtaani kuhusu mimi na kaka yangu, hayo yaliniumiza, na hayo yalitoka kwake, na hilo nimemwambia bila kupunguza. Nimemwambia sijamsamehe. Nimemwambia nitamjulisha nikisamehe. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikampa kiti na akakaa.

Yuko kwangu tangu hapo. Halali vizuri. Asubuhi naamka nakuta amekunja mashuka yangu yote, na ya jirani. Anasema hana ruhusa ya kurudi kwao mpaka wewe useme. Nimemwambia Mama si hakimu. Akanitazama kama nimesema jambo la kitoto.

Useme basi. Chumba changu ni kidogo na anakoroma.

Kitinda wako

&nbsp;

Jumatatu, tarehe 15 Julai

Mwanangu,

Uliyoniandikia kuhusu ndoa ile nimeyasoma mara tatu. Tutayazungumza ukija, na nitanyamaza wakati unaongea, nimeahidi, hata kama nitalazimika kuuma kitambaa.

Kuhusu huyo uliye naye. Mwambie nimesikia kwamba amefika na amesema. Mwambie deni lake kwako mtalimaliza ninyi wawili, mimi simo. Lake kwangu bado. Nilidhani nikimnyima ubatizo ule nitashiba. Siku ile saa ya misa ya pili nilikaa uani nikangoja kushiba, nikamwaga sabuni yote ya pipa moja niliyoiunguza, na bado nina njaa. Basi aningoje na yeye. Mpandishe basi arudi kwa mjukuu wake. Likipita mji huu asishuke. Mlango wangu asigonge, mpaka nimwite, na siku ya kumwita siijui.

Chai yake usiitie tangawizi, inamchoma kifua. Jino lake la kushoto nyuma halitafuni, umlowekee mkate. Na umpe kiti cha dirishani, upande wa kivuli. Mtu huyo akipigwa na jua njiani hutapika.

Mama yako